Skoo ya NPS imekwama 30 miezi miwili? Fungua komenti uanze kupiga simu

Kama unafanya kastama kea hapa Mombasa, kampuni ndogo ama kubwa, ushaiona ile sarvei ya swali moja: "Kuanzia 0 mpaka 10, unaweza kumwambia rafiki ama jirani achukue huduma kwetu?" halafu chini yake kuna kisanduku kimeandikwa "Kwa nini?" Hiyo ndo NPS, kirefu chake Net Promoter Score. Mwezi ukiisha bosi anataka namba, unampa, anaiandika ubaoni, na kile kisanduku hakuna anayekifungua. Mimi nimekaa kwenye hiyo kazi katika biashara ya maji ya kunywa, mitungi ya lita 20 tunapeleka majumbani, kisiwani na pia ng'ambo ya daraja la Nyali kuanzia Bombolulu mpaka Bamburi. Nataka nionyeshe vile namba ilitufunga macho, na vile tulivyofuatilia komenti hatua kwa hatua mpaka tukajua shida iko wapi, manake haikuwa pale tulipodhani.

Hatua ya 1: Jua namba inavyopigwa, ndo ujue inatupa nini

Hii kitu ilitolewa na Fred Reichheld wa kampuni ya ushauri ya Bain, kwenye jarida la Harvard Business Review la Disemba 2003. Aliyetoa 9 ama 10 anahesabiwa mpiga debe. Aliyetoa 0 mpaka 6 mimi namuita mwenye kinyongo. Wa 7 na 8 ni vuguvugu, na hao hawaingii popote zaidi ya kuongeza idadi ya waliojibu. Unachukua asilimia ya wapiga debe unatoa asilimia ya wenye kinyongo, basi. Ndo maana skoo inaweza kwenda kutoka -100 hadi 100.

Ukiwa na skoo zako kwenye Google Sheets ama Excel, tuseme safu ya B kuanzia B2 mpaka B81, fomula ni hii:

```
=100*(COUNTIF(B2:B81,">=9")-COUNTIF(B2:B81,"<=6"))/COUNT(B2:B81)
```

Angalia kitu kimoja kabla hujaiamini. Mtu akijibu kwa meseji "nane" ama "kumi", hiyo ni maandishi, fomula inairuka kimyakimya na hutaona popote pameandikwa kosa. Hesabu majibu yako kwa macho, ulinganishe na ile COUNT. Zikipishana, kuna seli za kusafisha.

Hatua ya 2: Weka yale makundi matatu kando kando, usiweke skoo peke yake

Mwezi wa kwanza tulituma meseji 400, wakajibu watu 80. Wapiga debe 40, vuguvugu 24, wenye kinyongo 16. Asilimia 50 toa 20, skoo 30.

Mwezi wa pili tukatuma tena 400, wakajibu 80 tena. Wapiga debe 48, vuguvugu 8, wenye kinyongo 24. Asilimia 60 toa 30, skoo 30 ile ile.

Bosi akaona 30 na 30, akasema tuko sawa, tumetulia. Na mimi kusema kweli nilikuwa karibu kukubaliana naye, mpaka nilipoziandika zile hesabu mbili karatasi moja nikaona wenye kinyongo wametoka 16 mpaka 24, yaani nusu nzima imeongezeka, na wale vuguvugu thuluthi mbili wamepotea. Kuna kitu kilikuwa kimewagawa watu pande mbili, wengine wamefurahi zaidi na wengine wameudhika zaidi, na zile pande mbili zikafutana kwenye hesabu. Kwa hivyo kwenye riporti yoyote, usiandike "NPS 30". Andika "48 / 8 / 24, jumla 80, skoo 30". Ni mstari mmoja tu lakini hauwezi kuficha kitu kama hicho.

Pia ujue majibu 80 ni machache kwa hesabu ya namna hii. Kwa mgawanyo kama wetu wa mwezi wa pili, skoo inaweza kuyumba kama pointi 20 juu ama chini kwa bahati tu ya nani kajibu na nani hakujibu. Kwa hivyo skoo ikitoka 30 ikawa 36 usimpongeze mtu, na ikishuka 25 usimfokee mtu.

Hatua ya 3: Igawe kwa kitu ambacho kazi yenyewe imegawanyika

Watu wengi wanagawa kwa umri ama mwanamume na mwanamke, sijui inawasaidia nini. Gawa kwa vile kazi yako inavyofanyika: njia ya gari, zamu, tawi, dereva, siku. Sisi tuliigawa kwa njia ya gari, kisiwani na kaskazini, yaani ng'ambo ya daraja.

Mwezi wa kwanza kisiwani waliojibu ni 47, wapiga debe 25, kinyongo 8, skoo 36. Kaskazini 33, wapiga debe 15, kinyongo 8, skoo 21. Tofauti ipo lakini kwa watu wachache hivyo huwezi kuapa.

Mwezi wa pili kisiwani 45, wapiga debe 36, kinyongo 5, skoo 69. Kaskazini 35, wapiga debe 12, kinyongo 19, skoo -20.

Soma tena hiyo. Ile 30 ya ubaoni haikuwa ya mtu yeyote. Kulikuwa na 69 na kulikuwa na -20, na pengo la pointi 89, hata kwa majibu machache kama haya yetu, huwezi kulisingizia bahati.

Hatua ya 4: Soma komenti huku umeficha safu ya skoo

Hii ni muhimu na wengi wanairuka. Ukiona 2 kabla ya kusoma maneno, ushaamua huyu ni mlalamishi. Ukiona 10 unasoma kwa tabasamu na unaruka pale alipoandika "ila". Ficha ile safu, soma zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu ndo ufunue.

Ukifunua utakuta maajabu. Kuna mteja wetu aliyeandika "Mashallah huduma safi, kijana ana adabu" na skoo ni 1. Tulipompigia, kumbe kwake 1 ni namba wani, kama darasani wa kwanza ndo bora. Na kuna wa 10 aliyeandika malalamiko mistari mitatu, manake Mombasa mtu hataki kukuvunjia heshima, anakupa 10 halafu anakueleza taratibu kilichomuuma. Halafu kuna hili la 8: sisi tumesoma tukijua 80 kwenda juu ni A, sasa mtu anakupa 8 akiamini kakupa A, na kwa hesabu ya NPS hana maana yoyote. Kwa hivyo komenti za 7 na 8 usizitupe kwa sababu skoo imezitupa, mara nyingi huko ndo utapata maelezo yaliyotulia, mtu hana hasira na wala hasifu.

Ukikuta skoo na maneno hayapatani usiibadilishe ile skoo. Ongeza safu nyingine pembeni, "skoo baada ya simu", ile ya mwanzo ibaki kama ilivyokuja. Ukianza kurekebisha skoo kwa mkono, mwezi wa tatu hutajua tena nini ni mteja na nini ni wewe.

Hatua ya 5: Panga mafungu kwa maneno ya mteja

Chukua kila komenti uipe fungu, na komenti moja inaweza kuingia mafungu mawili. Usianze na majina ya idara za ofisini, "lojistiki", "ubora", "uhusiano". Anza na neno lililotumiwa na mtu: harufu, kuchelewa, chenji, kifuniko, kijana. Mafungu 6 mpaka 8 yanatosha kwa komenti mia moja hivi, ukiwa na 20 umerudi kwenye komenti zenyewe.

"Huduma mbaya" sio fungu. "Maji mabaya" pia sio fungu. Hizo ziweke kwenye rundo la "sijui bado", na hilo rundo ndo la kwanza kupigiwa simu.

Kaskazini, kwenye wale 19 wenye kinyongo, 13 waliandika kitu. Harufu ama ladha 7, kuchelewa 4, na 2 ni za sijui bado. Ofisini kila mtu alipoona harufu akasema filta, mtu wa mitambo akaanza kuulizia bei ya filta mpya siku hiyo hiyo. Lakini kama ni filta, mbona kisiwani, wanaokunywa maji ya mtambo huo huo, wamepanda mpaka 69? Swali hilo hutalijibu ukiwa umekaa kwenye kiti, inabidi upige simu.

Hatua ya 6: Simu yenyewe

Piga ndani ya siku 2, manake ikifika wiki mtu hakumbuki tena ilikuwa siku gani na saa ngapi, na hivyo ndo vitu unavyovitafuta. Asipige dereva wala taniboi aliyepeleka, hata awe mpole vipi, mteja hatasema ukweli kwa mtu atakayemwona kesho mlangoni. Ijumaa mchana usipige, na jioni ya magharibi usipige. Mimi napiga saa nne asubuhi ama baada ya alasiri. Na hizo namba za watu usizimwage kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mtu alikupa namba akuagize maji tu.

Maswali ni manne: ilikuwaje, ilikuwa lini na saa ngapi, ulifanyaje baadaye, na ingekuwaje ndo ungeona sawa. Usibishane, usijitetee, na kamwe usiombe abadilishe skoo.

Hii ni simu moja niliyoiandika neno kwa neno. Ni mama mmoja wa Bombolulu, alitoa 3 na komenti yake ilikuwa neno moja, "Maji."

"Asalaam aleikum mama."

"Waaleikum salaam, nani mwenzangu?"

"Ni mimi wa maji, pale unapochukua mitungi. Jana ulitujibu ukatupa 3. Sikupigii ubadilishe, mama, nataka tu kujua ilikuwaje."

"Ah mwanangu, we acha tu."

Hapo nikanyamaza. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, mteja akisema acha tu wewe unaomba msamaha haraka haraka na kukata. Ngoja kidogo.

"Nimepika chai, mjukuu wangu kaionja akaniambia bibi, chai yanuka ndoo mpya. Nikadhani ni sufuria. Nikayanywa yale maji vivi hivi, kweli, ndoo mpya."

"Ndoo mpya vipi mama?"

"Si wajua ndoo ukiitoa dukani hujaiosha?"

"Na siku hiyo maji yalikuja saa ngapi?"

"Alasiri ishaadhiniwa. Na mtungi wenyewe ukiushika una moto, nikamwambia yule kijana auweke chini ya ngazi upoe."

Mtungi una moto. Kwenye komenti 13 hakuna hata moja iliyotaja joto wala saa, na hakuna sarvei ingelitoa hilo, manake mteja hajui kwamba saa ni muhimu, yeye anajua maji tu.

Hatua ya 7: Ipime sababu kabla ya kununua kitu

Kwenye wale 19 niliwapata 14. Tisa walisema harufu, na wote 9 mtungi uliwafikia baada ya saa nane mchana. Wawili walikuwa wanalalamikia kuchelewa tu, mmoja chenji, mmoja alijibiwa vibaya, na yule mmoja ndo wa namba wani ambaye hana kinyongo chochote.

Watu 9 wanaosema kitu kimoja bado haitoshi, ni lazima uwaulize pia ambao hawakulalamika. Nikapigia watano wa kisiwani wanaopata maji asubuhi, swali lile lile la ladha, hakuna aliyesikia harufu. Nikapigia watatu wa kaskazini wanaoishi mwanzo wa njia, hao walipata kabla ya saa sita, nao hawakuwa na shida.

Halafu tukajaribu wenyewe. Mitungi miwili iliyojazwa saa moja asubuhi kwa bomba moja, mmoja ukakaa ndani ya stoo na mwingine juu ya pikapu uwanjani mpaka saa tisa. Tukaipoza yote miwili ndani ili joto lisimwambie mtu, tukamimina kwenye vikombe bila kusema kipi ni kipi, tukaonjesha watu 6. Watano wakaonyesha kikombe cha ule wa pikapu.

Sasa kilichobadilika mwezi wa pili ni nini? Zamani gari ilikuwa inapakia mara mbili, asubuhi kisiwani, ikirudi inapakia upya ndo inavuka daraja. Kuokoa mafuta tukaamua inapakia yote saa moja asubuhi, inamaliza kisiwa kwanza, halafu Nyali kwenda juu. Kisiwani wakaanza kupata maji mapema kuliko zamani, wakafurahi. Mitungi ya kaskazini ikawa inakaa juani masaa 7 ama zaidi, foleni ya darajani imo humo, na plastiki ikipata joto namna hiyo ladha inaingia kwenye maji. Badiliko moja tu ndo lilipandisha upande mmoja na kuangusha mwingine, na kwenye skoo likaonekana kama hakuna kilichotokea.

Filta haikununuliwa. Tulirudisha kupakia mara mbili, tukaweka turubai ya rangi nyeupe iliyoinuliwa juu ya fremu isigusane na mitungi.

Hatua ya 8: Usisahau walionyamaza

Meseji 400, majibu 80, yaani 320 hawakusema kitu. Usidhani wanafanana na waliojibu. Toa orodha ya oda, tafuta waliokuwa wakiagiza kila wiki na sasa wana wiki 3 kimya, piga 10. Sisi katika hao 10, wanne walikuwa washahamia duka la jirani na hakuna hata mmoja aliyetupa skoo. Mtu akishaondoka mara nyingi haoni sababu ya kukujibu, kwa hivyo skoo inaweza hata kupanda kwa sababu waliokasirika wametoka kwenye orodha yako.

Na angalia sarvei inafikaje kwa mtu. Niliwahi kumkuta kijana wetu amesimama mlangoni na simu ya mteja mkononi akimwambia "bonyeza hapo kwa kumi". Sikumlaumu, bonasi yake ilikuwa imefungwa kwenye skoo, tulimsukuma wenyewe. Tukaitoa skoo kwenye bonasi, na meseji ikawa inatumwa asubuhi ya siku inayofuata, mtu ashayanywa maji.

Hatua ya 9: Rudi kwa yule aliyesema

Kila uliyempigia arudishiwe jibu, na jibu liwe la kitu kilichofanyika: "Mama, ni kweli maji yalikuwa yanapata jua, kuanzia Jumatatu gari inakuja kwenu kabla ya saa sita na mitungi imefunikwa. Ukiona ina moto tena usiupokee, nipigie." Usimpe mtungi wa bure kwa kubadilisha skoo, ukifanya hivyo mwezi ujao utapata 3 nyingi za kutafuta mtungi. Kama maji yalikuwa mabaya badilisha mtungi kwa sababu yalikuwa mabaya, awe alitoa 3 ama 10.

Weka safu mbili za mwisho kwenye karatasi yako: tarehe ya kurudi kwa mteja, na oda aliyoweka baada ya hapo. Hiyo ya oda ndo mimi naiangalia kuliko skoo ya mwezi unaofuata. Wale 9 wa harufu, 7 wameagiza tena ndani ya wiki 2. Mmoja alihama Bamburi, na mmoja alisema atangoja kwanza asikie kwa jirani yake, jirani akimwambia maji yako sawa atarudi.

Wale watano ambao hawakushika simu, nilijaribu mara mbili siku tofauti, nikawatumia meseji moja ya hiyo hiyo habari ya gari na turubai, na namba yangu chini. Wawili wakajibu.